Kuhakiki ripoti ya tathmini ya mahitaji: mfano wa vichanja vya dagaa mwaloni

Mwongozo huu unamhusu mtu anayekabidhiwa ripoti ya tathmini ya mahitaji kabla haijageuzwa kuwa andiko la mradi. Anaweza kuwa afisa maendeleo ya jamii, afisa uvuvi, mratibu wa mradi au mjumbe wa bodi ya asasi, ambaye hakwenda uwandani lakini sahihi yake ndiyo itakayofungua fedha. Sitapitia kila sehemu ya ripoti. Nitachukua hitimisho moja tu na kulifuata hadi lilikotoka, kwa sababu anayesoma kuanzia utangulizi huzoea lugha ya mwandishi na kufika mwishoni akiwa ameshakubali, ilhali anayeanza na hitimisho na kurudi nyuma hukutana mapema na mahali ambapo ushahidi umekatika.

Ripoti ya mfano nimeitunga mwenyewe pamoja na tarakimu zake, lakini mazingira yake ni ya kawaida kwa yeyote anayeijua mialo, yaani fukwe ambako mitumbwi ya uvuvi hutua, ya Ilemela, Buchosa au Ukerewe kwenye Ziwa Victoria. Asasi imefanya tathmini katika mwalo mmoja wa dagaa na kuandika hivi: "Asilimia 70 ya wanawake wachakataji hupoteza hadi nusu ya dagaa wao kwa sababu ya kukosa vichanja vya kuanikia. Kwa hiyo mwalo unahitaji vichanja 120."

Hatua ya 1: Katakata hitimisho

Ndani ya maneno hayo mna madai manne. La kwanza linahusu watu: asilimia 70 ya wanawake wachakataji. La pili linahusu kiasi: hadi nusu ya dagaa. La tatu linahusu sababu: kukosa vichanja. La nne linahusu suluhisho: vichanja 120. Yaandike kwenye karatasi, kila dai kwenye mstari wake, na mbele ya kila moja uandike ukurasa wa ripoti unaolithibitisha. Ukurasa unaolirudia dai kwa maneno mengine hauhesabiwi. Palipokosekana ukurasa, acha pengo wazi. Usilijaze kwa yale unayoyajua wewe kuhusu dagaa, maana kazi yako ni kupima ripoti hiyo na si kuisaidia.

Hatua ya 2: Watafute watu walio nyuma ya asilimia

Ripoti inasema asilimia 70. Fungua sura ya mbinu na viambatisho utafute idadi yenyewe. Katika mfano wetu, sura ya mbinu inataja majadiliano ya vikundi viwili vyenye wanawake 10 kila kimoja, pamoja na mahojiano na mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho mwaloni kila mtu hukiita BMU, na afisa uvuvi wa kata. Asilimia 70, kwa hiyo, ni wanawake 14 kati ya 20.

Idadi ndogo si kosa. Majadiliano ya watu 20 yakiendeshwa vizuri yanaweza kukueleza jinsi hasara inavyotokea kwa undani ambao dodoso la watu 400 halitaufikia. Kosa ni kuigeuza idadi hiyo kuwa asilimia ya wachakataji wote. Hata kama wale 20 wangechaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha kamili, 14 kati ya 20 ingeruhusu kusema tu kwamba kiwango cha kweli huenda kiko popote kati ya asilimia 48 na 85. Na hawakuchaguliwa hivyo. Zaidi ya hapo, katika majadiliano ya kikundi jibu la mtu wa tatu limeshasikia majibu ya wawili waliomtangulia, kwa hiyo huwezi kuwahesabu kana kwamba kila mmoja aliulizwa peke yake. Kanuni ninayoifuata ni rahisi: asilimia inayotokana na majadiliano ya kikundi naifuta popote ninapoikuta, na kumtaka mwandishi aandike "wengi wa washiriki 20".

Baada ya idadi, uliza waliitwaje. Hapa ndipo sauti chache huwa chache zaidi kuliko zinavyoonekana. Ikiwa mwenyekiti wa BMU ndiye aliyepeleka majina, na akawaita wanachama wa vikundi viwili vilivyosajiliwa, basi umesikia vikundi viwili, na huenda umesikia viongozi wake tu. Mwaloni wapo wengine ambao hawamo kwenye orodha yoyote: mwanamke anayenunua ndoo moja au mbili kwa mkopo wa tajiri mwenye mtumbwi, kibarua anayelipwa kwa kuanika na kugeuza dagaa wa mtu mwingine, na mchakataji wa kuhamahama anayefuata dagaa kutoka kisiwa hadi kisiwa. Hasara ya kila mmoja wao haifanani na ya mwenzake. Kibarua, kwa mfano, hapotezi dagaa. Anapoteza ujira wa siku ambayo mvua imezuia kuanika.

Omba orodha ya washiriki bila majina, ikiwa na safu nne tu: kiasi cha ndoo anazoanika kwa siku ya kawaida, kama anamiliki mtaji au anafanya kibarua, kama ni mkazi au mhamiaji, na nani aliyemwalika. Waandishi wa ripoti wakijibu kwamba hawakurekodi mambo hayo, jibu hilo lenyewe uliingize kwenye maoni yako.

Hatua ya 3: Weka tarehe za uwandani sambamba na mwezi

Hatua hii haimo katika miongozo ya jumla, lakini kwa mwalo wa dagaa naiona ya lazima. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa hazivuti dagaa vizuri kukiwa na mbalamwezi. Shughuli za mwalo, kwa hiyo, hupanda na kushuka pamoja na mwezi: siku za giza mwalo hujaa, na siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika, mabaharia hurudi makwao na wachakataji wa kuhamahama huondoka au husafiri kupeleka mzigo sokoni.

Tuseme kiambatisho kinaonyesha kwamba majadiliano yote mawili yalifanyika saa nne asubuhi, katika wiki ya giza. Saa hiyo mitumbwi imeshatua, dagaa wameshanunuliwa na kumwagwa, na kila mwenye mzigo yuko juani akiwatandaza. Nani anaweza kuacha dagaa wake saa nne asubuhi akakae chini ya mti kujadiliana kwa saa mbili? Ni yule mwenye vibarua wa kumsaidia. Ripoti basi imewasikiliza wachakataji wakubwa kuliko wenzao, bila mtu yeyote kukusudia upendeleo. Kama majadiliano yangefanyika wakati wa mbalamwezi, kungekuwa na nafasi ya kutosha lakini wahamiaji wasingekuwepo. Muda unaofaa ni jioni ya siku za giza, mzigo ukishakusanywa, pamoja na kikao kingine cha mbalamwezi kwa wakazi.

Jambo hilohilo linagusa namba za jumla. Mara nyingi ripoti huchukua idadi ya watu wa kata kutoka Sensa ya 2022 na kukadiria humo idadi ya wachakataji. Usiku wa sensa ulikuwa wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, siku nne kabla ya mwezi mpya, yaani katikati ya giza. Kambi za uvuvi huenda zilikuwa zimejaa watu ambao wiki mbili baadaye wasingepatikana hapo. Sisemi sensa ilikosea. Ilihesabu watu pale walipolala. Ninachosema ni kwamba anayeitumia kama kigawanyo kwa kata yenye mwalo hana budi kueleza hilo.

Hatua ya 4: Dai la kiasi lipimwe kwa takwimu za msingi

"Hadi nusu" ni maneno ambayo mhakiki anapaswa kuyasimamisha mlangoni. Nusu ya nini, kwa kipimo gani, katika kipindi gani? Neno "hadi" linaeleza siku mbaya kuliko zote na kunyamazia siku nyingine. Takwimu ya msingi inayotakiwa ni hasara ya kawaida katika kipindi kinachojulikana, ili mradi ukimalizika mtu aweze kupima tena kwa njia ileile na kuona kama imepungua. Bila hiyo, baada ya miaka miwili mradi hautaweza kuonyesha kuwa umefaulu wala kuwa umeshindwa.

Anza na kipimo. Dagaa wabichi hununuliwa kwa ndoo au beseni, na wakavu huuzwa kwa sado au gunia. Dagaa wakikauka wanapoteza maji, na kwa kawaida kilo 3 hadi 4 za wabichi hutoa kilo 1 ya wakavu. Mtafiti asiyejua hilo akilinganisha kilo zilizonunuliwa na kilo zilizouzwa, ataandika hasara ya theluthi mbili au zaidi, ilhali hakuna kilichopotea isipokuwa maji. Kwa hiyo angalia kama ripoti inalinganisha vitu vya hali moja, na kama kuna mahali ndoo na gunia vilipimwa kwa mizani badala ya kukadiriwa kwa macho. Ndoo ya kulundika na ndoo ya kusawazisha hazina uzito mmoja, na wanunuzi wa mwaloni wanalijua hilo kuliko sisi.

Kisha tenganisha aina mbili za hasara. Ya kwanza ni dagaa kupotea kabisa: wameliwa na ndege, wamesombwa na mvua, wameoza na kutupwa. Ya pili ni dagaa kushuka thamani: wamelowa wakabadilika rangi au wakachanganyika na mchanga, na badala ya kununuliwa kwa chakula cha watu wanauzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya chini. Mwanamke akiulizwa "unapoteza kiasi gani?" huzijumlisha zote mbili, na ana haki, maana zote zinamwondolea fedha. Ripoti ndiyo iliyopaswa kuzitenga.

Tufanye hesabu ya mfano ili kuona jinsi "hadi nusu" inavyobadilika. Chukua mwezi mmoja wa masika wenye siku 20 za kuanika. Mvua inawakuta dagaa juani siku 4. Kila siku ya mvua nusu ya mzigo inalowa, na dagaa waliolowa wanauzwa kwa theluthi moja ya bei. Mzigo uliolowa ni nusu ya siku 4, yaani sawa na mzigo wa siku 2 kati ya 20, ambayo ni asilimia 10. Kwa kuwa kila kilicholowa kimepoteza theluthi mbili ya bei, hasara ya fedha kwa mwezi mzima ni chini kidogo ya asilimia 7. Washiriki waliosema "nusu" hawakudanganya, kwa sababu siku ya mvua nusu ya mzigo iliharibika kweli. Lakini mradi uliobuniwa kuokoa asilimia 50 na mradi uliobuniwa kuokoa asilimia 7 haviwezi kuwa na bajeti moja, na kiangazi cha Juni hadi Agosti huenda hasara ikawa ndogo zaidi.

Ripoti ikikosa takwimu hizo, usiirudishe na maneno "ongeza takwimu za msingi" peke yake. Taja unachotaka: wachakataji 15, watano wakubwa, watano wa kati na watano wadogo, kila mmoja arekodi kwa daftari ndoo alizoanika, magunia aliyouza, bei aliyopata na siku zilizonyesha, kwa mwezi mzima unaojumuisha giza na mbalamwezi, mara moja wakati wa mvua na mara moja wakati wa kiangazi. Watu 15 hawatoshi kuusemea mwalo mzima, ila wanatosha kuonyesha kama tuko karibu na 7 au karibu na 50. Kumbukumbu za ushuru wa halmashauri na za BMU zinaweza kuonyesha mwenendo wa kiasi kinachotua. Sensa ya uvuvi, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa zikiifanya kwa pamoja tangu mwaka 2000, huhesabu mialo, wavuvi, mitumbwi na zana. Ni nzuri kwa kujua ukubwa wa mwalo, lakini haitakuambia hasara ya mwanamke anayeanika. Ripoti nyingi huinukuu kana kwamba inajibu swali hilo.

Hatua ya 5: Zitoe dhana mafichoni kisha uulize zilijaribiwa wapi

Dhana haiandikwi, imejificha kwenye "kwa sababu ya" na "kwa hiyo". Njia ya kuitoa ni kuandika sentensi inayoanza na "Hitimisho hili ni kweli endapo tu…" na kuimalizia kwa namna mbalimbali. Kwa vichanja nilipata nyingi, lakini tatu ndizo zinazobeba mzigo wote.

Hitimisho ni kweli endapo tu kichanja kinazuia hasara inayotokana na mvua. Kichanja kinawainua dagaa kutoka mchangani, hewa inapita chini yao, wanakauka upesi na wakiwa safi. Lakini hakina paa. Katika kiambatisho cha ripoti yetu, kati ya maelezo yaliyochukuliwa kwenye kikundi cha pili, kuna mshiriki aliyemwambia mwendeshaji: "Mwanangu, mvua ikija kichanja nacho kinalowa. Mimi nakosa turubai." Maneno hayo hayakufika kwenye sura ya matokeo. Ndiyo maana nasisitiza kusoma maelezo ghafi, na kuyasoma katika lugha yaliyosemwa, Kisukuma, Kikerewe au Kiswahili, pale yanapopatikana. Angalia pia swali lilivyoulizwa. Kama mwongozo wa maswali unasema "Je, ukosefu wa vichanja unawasababishia hasara gani?", jibu lilikuwa limeshawekwa mdomoni kabla mtu hajafungua kinywa.

Hata hivyo dhana hiyo haistahili kufutwa bila kujaribiwa, kwa kuwa huenda dagaa wa kichanjani hukauka kabla mvua ya alasiri haijafika. Kulijaribu ni kazi ya siku chache. Gawa mzigo wa mchakataji mmoja: kilo 10 za wabichi kwenye kichanja cha kuazima, kilo 10 juu ya turubai, kilo 10 mchangani kama ilivyo kawaida, zote zikitandazwa kwa unene mmoja na kuanza wakati mmoja. Pima uzito kila baada ya saa mbili hadi usiposhuka tena. Rudia siku tatu tofauti. Kama kichanja kinatangulia kwa nusu saa tu, hakitamwokoa mtu na mvua.

Hitimisho ni kweli endapo tu mnunuzi analipa zaidi kwa dagaa safi. Chukua kilo chache za kila aina, zipeleke soko la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza bila kusema zimeanikwa wapi, na uwaulize wanunuzi kadhaa bei ya kila moja siku hiyohiyo. Wakitoa bei moja kwa zote, faida ya usafi haitafika mfukoni kwa mchakataji. Wapo pia wanaouza dagaa wakiwa hawajakauka vizuri kwa sababu tajiri aliyewakopesha anadai fedha zake jioni. Hao wanahitaji jambo jingine kabisa, na ripoti haikuuliza hata swali moja kuhusu mkopo.

Hitimisho ni kweli endapo tu kuna mahali pa kuvisimika. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 na tena 2024 sehemu za fukwe zilifunikwa. Ripoti inayopendekeza vichanja 120 inapaswa kuambatisha mchoro wa eneo na maoni ya halmashauri. Papo hapo uliza kuhusu vichanja vya zamani: kama mwalo una vichanja vya mradi uliopita vilivyoachwa wazi au kung'olewa nguzo zikawa kuni, sababu ya kuachwa kwake ina uzito kuliko majadiliano yote mawili.

Kuhusu 120 yenyewe, sitachukua muda. Ukurasa wa bajeti unaonyesha ni wanachama 60 mara mbili. Namba hiyo imetoka kwenye rejista ya vikundi. Mzigo wa dagaa unaotua siku ya wingi haukuguswa.

Hatua ya 6: Andika maoni yanayoweza kutekelezwa

Kila dai lipewe moja ya hukumu tatu: libaki kama lilivyo, lipunguzwe makali, au liondolewe hadi lithibitishwe. Maoni kama "sampuli ni ndogo" hayamsaidii mwandishi. Andika hivi: "Ukurasa wa 14, asilimia 70: inatokana na wanawake 14 wa vikundi viwili vilivyosajiliwa. Tafadhali badilisha iwe 'wengi wa washiriki 20', na fanya kikao kimoja jioni ya giza na wachakataji wa ndoo moja au mbili pamoja na vibarua."

Pendekeza pia jinsi hitimisho lingesomeka kwa ushahidi uliopo leo. Kwa mfano wetu, lingesomeka hivi: "Wengi wa washiriki 20, wote wanachama wa vikundi vilivyosajiliwa, walieleza kwamba siku za mvua sehemu kubwa ya mzigo hulowa na kuuzwa kwa bei ya chini. Kiasi cha hasara kwa mwezi hakijapimwa. Baadhi walitaja vichanja na angalau mmoja alitaja turubai, hakuna kilichojaribiwa." Mwandishi huenda akalalamika kwamba maneno hayo hayatamshawishi mfadhili. Mjibu kwamba yanaweza kubeba ombi dogo: vichanja vichache na maturubai vijaribiwe kwa masika moja, madaftari ya wachakataji 15 yakiendelea, kisha ombi kubwa liandikwe likiwa na namba.

Na ikiwa ripoti imefika mezani kwako siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, fanya hatua ya 1, idadi ya watu katika hatua ya 2 na kifungu cha mita 60. Hayo yanamalizika kwa mchana mmoja bila kumpigia mtu simu. Yaliyobaki yaandike kama masharti ya kutoa awamu ya pili ya fedha.